Mlango uko kati ya vidole

Mwanangu,

Jana kwenye simu ulisema wekundu wa maambukizi ya ngozi mguuni mwako umevuka mstari wa kalamu aliokuchora nesi, basi dawa imeshindwa. Subiri kwanza. Mwaka juzi mguu wangu ulipowaka moto, wekundu ulipanda kidogo siku ya kwanza na ya pili ya dawa, ndipo ukasimama. Jiulize: homa imeshuka? Ile baridi ya kutetemesha imekoma? Mtoki umepungua? Kama ni ndiyo, endelea na flukloksasilini uliyoandikiwa, miligramu 500 kila baada ya saa sita, tumbo likiwa tupu, siku zote saba. Ila siku mbili kamili zikipita na bado unapanda, au homa ikirudi, rudi kwa daktari. Na maumivu yakizidi kuliko mguu unavyoonekana, au ukiota malengelenge, au ngozi ikianza kuwa nyeusi, usisubiri asubuhi.

Mguu nao uuinue. Si kukaa kwenye kigoda ukiuning'iniza huku unachezea simu; lala, uweke blanketi lililokunjwa chini yake, upite usawa wa moyo.

Shangazi yako alishikilia kwamba nimekanyaga dawa ya mtu pale shamba la zabibu. Daktari hakubishana naye. Alinipima sukari, akakuta iko sawa, kisha akanipanua vidole vya mguu kimoja kimoja. Kati ya kile kidogo na jirani yake ngozi ilikuwa nyeupe, imelowana kama mkate uliodumbukia chai, na katikati ina ufa. Fangasi. Nilikuwa nauona kila siku na kuupuuza, kwa kuwa ulikuwa unawasha tu. Akasema wadudu wameingilia hapo. Huku chini ya goti, palipowaka, wamekuja tu kujenga. Magaga ya kisigino nayo ni mlango, na kiangazi chetu cha Dodoma unakijua.

Flukloksasilini haiui fangasi. Nilipona, fangasi akabaki, na miezi mitano baadaye nikarudi kitandani. Kila shambulio huharibu mishipa midogo inayoondoa maji mguuni, mguu unabaki umevimba, na mguu uliovimba hushikwa kirahisi zaidi. Mara ya pili nilipewa penisilini, miligramu 250 asubuhi na jioni, kwa mwaka mzima. Ilinikinga, lakini kinga hiyo hufifia ukishaacha kuinywa.

Wewe usifike huko. Paka krimu ya fangasi ya klotrimazoli kati ya vidole mara mbili kwa siku, na hata ngozi ikishapona ongeza wiki mbili. Ukioga, pitisha kitambaa kikavu kati ya vidole vyote, kisha paka mafuta kwenye visigino na muundi, si kati ya vidole.

Gambuti unazovaa saiti hazikauki usiku mmoja. Nimempa kondakta wa basi la Hombolo jozi yangu ya pili, uwe unabadilisha. Zimekuzidi namba moja.

Baba yako