“Location” si mahali: tunavyohamisha tovuti ya Kifaransa kwenda Kiingereza

Mteja wetu mmoja ana kampuni ndogo ya utalii iliyosajiliwa Ufaransa, na huleta wageni Gombe na Mahale. Siku moja alitutumia ujumbe wa WhatsApp hapa ofisini Mwanga, Kigoma: tovuti yake ya Kiingereza ina miezi saba hewani na haijaleta hata mgeni mmoja. Ile ya Kifaransa inamletea wageni vizuri tu. Safari ni zilezile, bei zilezile, hata picha za sokwe ni zilezile.

Tukafungua ukurasa wa boti. Kichwa chake kilisomeka “Location of boat in Kigoma”.

Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Kwa Kifaransa “location” ni kukodisha. Kwa Kiingereza neno hilohilo, herufi kwa herufi, ni mahali. Aliyetafsiri aliliona, akalifahamu kwa sura, akalipitisha. Mwingereza anayetaka kukodi boti huandika “boat hire”, Mmarekani huandika “boat rental”, na hakuna hata mmoja wao anayeuliza boti iko wapi. Ukurasa ulikuwepo, lakini kwa maneno ambayo hakuna mtu anayeyatafuta.

Kwa hiyo maneno ya kutafutia hatuyatafsiri. Tunaanza na orodha ya Search Console ya tovuti ya Kifaransa, ile inayoonyesha watu waliandika nini Google kabla ya kubofya. Kwa kila neno tunajiuliza mtu huyu alikuwa anataka afanyiwe nini, kisha tunatafuta Mwingereza mwenye haja hiyohiyo angeandikaje. Mteja wetu alikuwa na “séjour chimpanzés”, na tafsiri yake ilikuwa “chimpanzee stay”, utadhani sokwe ndiye anayelala hotelini. Wanaozungumza Kiingereza husema “chimpanzee trekking”, hata kama wenyewe watatembea nusu saa tu. Hilo huwezi kulipata kwenye kamusi. Unalipata kwa kuandika nusu ya neno Google na kuangalia inavyolimalizia, na kwa kusoma vichwa vya kurasa kumi za kwanza. Ukitafuta kawaida ukiwa Kigoma utaletewa majibu ya Tanzania, kwa hiyo tunailazimisha itujibu kana kwamba tuko Marekani:

```
https://www.google.com/search?q=chimpanzee+trekking&hl=en&gl=us
```

Tukishachagua neno, linaingia kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye maelezo mafupi yanayoonekana Google, kwenye maandishi ya picha na kwenye anwani yenyewe ya ukurasa. Halafu kurasa mbili lazima zitambuane. Mistari hii miwili inakaa kwenye ukurasa wa Kifaransa na pia kwenye wa Kiingereza:

```
<link rel="alternate" hreflang="fr" href="https://example.com/fr/location-bateau/">
<link rel="alternate" hreflang="en" href="https://example.com/en/boat-hire/">
```

Ukiiweka upande mmoja tu, Google inaweza kuipuuza. Kwa mteja wetu ilikuwa upande wa Kiingereza peke yake.

Tarehe zilikuwa hatari zaidi, kwa sababu hazionekani kama kosa. Safari ya Mahale ilitangazwa kuondoka 07/08. Mfaransa anasoma tarehe 7 Agosti, Mwingereza naye vilevile. Mmarekani anasoma Julai 8. Ikiwa 25/08 atashtuka, maana hakuna mwezi wa 25. Lakini siku na mwezi vyote vikiwa 12 au chini yake, na visiwe namba moja, hana cha kumshtua. Ukizihesabu utapata siku 132 katika mwaka. Sisi mwezi tunauandika kwa herufi, na namba tunaiachia mashine:

```
<time datetime="2026-08-07">7 August 2026</time>
```

Bei nazo zina mtego wa aina hiyo. “1.450 €” kwa Mfaransa anayetenga maelfu kwa nukta ni elfu moja mia nne na hamsini, lakini kwa jicho la Kiingereza nukta ile ni ya desimali, na safari nzima inakuwa ya yuro moja na senti. Tunaandika “€1,450”. Na “6h” tunaifanya “6:00 am”, tena tunamkumbusha mteja kwamba dereva wake wa Kigoma aandikiwe saa kumi na mbili asubuhi. Hilo la mwisho halimo kwenye mkataba wa tafsiri, lakini tumeshaona gari likifika adhuhuri.

Sasa ukurasa ambao wateja wengi hutuambia tuupitie haraka haraka: “Mentions légales”, yaani taarifa za kisheria. Huo ndio tunaoupitia polepole kuliko yote.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2004 kuhusu uchumi wa kidijitali inamtaka mwenye tovuti ya biashara ajitaje: jina la kampuni, anwani, namba ya usajili, msimamizi wa machapisho, na kampuni inayohifadhi tovuti pamoja na mawasiliano yake. Adhabu kwa mtu binafsi inafika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya yuro 75,000. Mwenye kuuza safari anaongeza namba yake ya usajili wa Atout France, shirika la utalii la Ufaransa, inayoanza na herufi IM. Kugeuza ukurasa kuwa Kiingereza hakuiondoi kampuni kwenye sheria hiyo.

Tafsiri ya zamani iliita “capital social” “social capital” na “siège social” “social seat”. Kiingereza cha kampuni ni “share capital” na “registered office”. Hayo ni makosa ya kuchekesha tu. Kosa lenye madhara lilikuwa kuigeuza SARL kuwa “Ltd”. SARL ni aina ya kampuni ya Ufaransa, na ukiandika “Ltd” unajitangaza kuwa kampuni ambayo hukusajili. Tuliirudisha SARL kama ilivyo, tukaongeza maneno machache kwamba ni kampuni ya Kifaransa yenye dhima yenye ukomo. “Directeur de la publication” naye alibaki, ila tulieleza kuwa ndiye anayewajibika kisheria kwa yaliyomo, maana msomaji wa Kiingereza humdhania mhariri wa gazeti.

Kisha tukakuta aya ambayo kwenye Kifaransa haimo kabisa. Mtafsiri aliona masharti ya kuuza ni mafupi, akaazima kipande kutoka tovuti ya duka fulani la Kiingereza: mteja anaweza kughairi ndani ya siku 14 na kurudishiwa pesa zote. Siku hizo 14 ni haki ya mnunuzi wa mtandaoni kwa bidhaa nyingi, lakini sheria ya Ufaransa haiitoi kwa malazi au usafiri wenye tarehe maalum. Kampuni ilikuwa imeahidi kitu isichodaiwa, kwa lugha moja tu, na mgeni angeweza kuishikilia ahadi hiyo.

Aya ile tuliifuta baada ya mteja kuthibitisha. Zaidi ya hapo hatuendi. Iwapo Mwingereza ana ulinzi wa sheria za kwao hata akinunua kwa Mfaransa, au ni nakala ya lugha gani itakayofuatwa mkigombana, tunapaka rangi ya njano na kumwachia mwanasheria wa mteja. Na ukurasa wa Kifaransa haufutwi: sheria ya Agosti 1994 inadai Kifaransa kwa wanunuzi walioko Ufaransa.

Ukituletea tovuti, njoo na ruhusa ya kusoma Search Console, orodha ya safari zote zenye tarehe, na cheti cha usajili wa kampuni chenyewe, si kile kilichoandikwa kwenye tovuti. Na utuambie mapema wageni unaowataka ni Waingereza au Wamarekani, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama boti yako ni “hire” au “rental”.