Yah: Malalamiko kuhusu mota za servo za seti ya mkono wa roboti

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Utaratibu wenu wa kupokea bidhaa zenye kasoro mnaujua kuliko mimi. Ninaloandikia ni kwamba, mbele ya wateja wengine, fundi wenu alichukua mota moja kati ya nne nilizozirudisha, akaifunga peke yake kwenye pawasaplai yake ya mezani bila mzigo wowote, ikazunguka kimya, naye akasema: "Mota ni nzima, mwalimu. Labda mikono ndiyo mibovu."

Kwa heshima zote, jaribio lile halikupima kitu. Karatasi ya maelekezo mliyoweka ndani ya seti inaagiza nyaya nyekundu za mota zote nne za MG996R zichomekwe kwenye pini ya 5V ya Arduino Uno. Bodi hiyo ikitumia USB ina fyuzi ya miliampea 500 tu, ilhali mota moja ya aina hii ikikwama huvuta zaidi ya ampea 2. Niliweka multimita kwenye waya wa mota: mkono ukitulia ilisoma karibu volti 5, ukiinuka ikaporomoka chini ya 4, bodi ikajizima na kuwaka upya, na mota zote zikatetemeka kama mgonjwa wa homa.

Zilitulia nilipozipa pawasaplai yao ya volti 5 na ampea 10, kwa nyaya nene na fupi, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na plagi zao. Hasi ya pawasaplai hiyo lazima iunganishwe na GND ya bodi, kwa kuwa mota hupima mpigo wa ishara, wa takriban milisekunde 1 hadi 2, kutokea hapo. Bila kiungo hicho hurukaruka hovyo hata umeme ukitosha. Karatasi yenu haina neno hata moja juu ya hilo.

Mota ya kishikio iliendelea kunguruma kwa sababu programu yenu inaiamuru `write(0)` wakati vidole vimekwisha kugotana, nayo inazidi kusukuma. Nilipoandika `write(15)` ikanyamaza. (Mngurumo mdogo wakati mkono unashikilia mzigo siulalamikii, ni kawaida ya servo.)

Na yule fundi, nilipomsihi afunge zote nne kwenye bodi kama karatasi inavyosema, alizima pawasaplai, akanisukumia mota kwenye kaunta bila kunitazama, akarudia kwa sauti habari ya mikono yangu, na watu wakacheka.

Nilikusudia kudai gharama ya pawasaplai pekee. Sasa nadai pia bei yote ya seti, karatasi iliyosahihishwa kwa kila aliyeinunua, na radhi ya maandishi kutoka kwa fundi huyo. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, picha za karatasi yenu na za multimita yangu zitafika Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mwalimu wa umeme, chuo cha ufundi