Bei ya boksi ni moja, mavuno hayatulii

Ndugu Mhariri,

Nina shamba dogo la mboga na wateja 40 wanaopokea boksi kila wiki, kwa bei isiyobadilika msimu mzima wa wiki 24. Bei niliipata kwa kujumlisha mbegu, mbolea, maji, vibarua, usafiri na ujira wangu, kisha nikagawa kwa maboksi 960. Hapo shamba linajiendesha. Kinachoninyima usingizi ni kilichomo ndani ya boksi.

Tuseme bei ni 100. Wiki 6 za mwanzo natia spinachi, figili na vitunguu vya majani, vyote vikiwa na thamani ya 70 hivi kwa bei za sokoni. Wiki 12 za katikati thamani inalingana na bei. Wiki 6 za mwisho nyanya na maboga huja kwa mpigo, boksi linafika 130 na kifuniko hakifungi. Anayekaa hadi mwisho hulipa 2,400 na kupata mboga za 2,400.

Ila wengine hawakai. Mteja akijitoa baada ya wiki 6 za mwanzo, amelipa 600 na kupata 420, na ana kila haki ya kujiona amepunjwa. Anayeshika nafasi yake kwa wiki 18 zilizobaki hulipa 1,800 na kupata 1,980. Ile 180 ya ziada imetoka mfukoni mwa yule aliyeondoka, na wala hawajuani.

Kudai malipo ya msimu mzima mbele kungemaliza tatizo, lakini baadhi ya wateja wangu hulipwa kwa wiki, na sitaki kuwafungia mlango. Nimefikiria pia kupunguza maboksi ya mwisho yafike 115, niuze ziada, na fedha hizo ninunulie mboga kwa majirani wakati wa uhaba. Kwenye karatasi inawezekana. Sokoni ni shida, kwani nyanya zangu zikiiva, za kila mtu zimeiva na bei imeanguka. Tena mvua ikinyesha ghafla baada ya ukavu zinapasuka zikiwa bado kwenye mche, na nyanya iliyopasuka haingoji mnunuzi.

Naegemea kuongeza matuta ya vitunguu maji. Vikianikwa kivulini penye hewa hadi shingo zikauke kabisa, hukaa miezi, hivyo vya msimu huu vingejazia maboksi ya mwanzo wa msimu ujao. Lakini hapo mteja mpya atakula kitunguu kilicholipiwa na mteja wa msimu uliopita, nami nitakuwa nimeihamisha dhuluma ileile.

Wenzangu mnaouza kwa maboksi, vitunguu hivyo niwape wanaorudi tu? Au kila anayejiunga aweke amana ya wiki chache, itumike kulipia maboksi yake ya mwisho, na akiondoka mapema ibaki shambani? Nahitaji kuamua kabla sijasia mbegu.

Mkulima wa mboga