Kwa nini oda iliyochukuliwa kwa simu husubiri idhini ya meneja

Wasambazaji wanaotumia mfumo wetu wa kuchukulia oda kwa simu hutuuliza mara kwa mara kwa nini oda ambayo afisa mauzo ameshaituma akiwa dukani huonekana ghalani ikiwa na alama ya "Inasubiri", ilhali bidhaa zipo na gari lipo. Jibu ni kwamba kwa hatua hiyo oda bado ni ombi la mwenye duka. Mzigo unaotoka kwa mali kauli ni fedha ya msambazaji inayokwenda kukaa kwenye rafu ya mtu mwingine, na anayebeba dhamana ya fedha hiyo ni meneja.

Tuchukue mfano wa duka la rejareja lililopo Mbagala. Afisa mauzo anafika saa 4 asubuhi, anafungua ziara kwenye simu, na mwenye duka anaagiza katoni 10 za sabuni kwa shilingi 24,000 kila moja pamoja na madumu 3 ya mafuta ya kula kwa shilingi 95,000 kila moja, jumla shilingi 525,000. Kikomo chake cha mali kauli ni shilingi 800,000 na tayari anadaiwa 410,000, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 390,000 tu na oda imezidi kwa 135,000. Meneja anayeona tarakimu hizo peke yake ataikataa oda yote, na duka litakaa bila mafuta hadi ziara ijayo.

Hapa ndipo kumbukumbu ya ziara inapofanya kazi yake. Kabla ya kuandika oda, afisa alihesabu mzigo uliopo dukani: mafuta yamekwisha, lakini zimebaki katoni 6 za sabuni kati ya 10 zilizoletwa wiki iliyotangulia, wakati duka halikuwa na sabuni kabisa. Duka hilo, basi, huuza katoni 4 kwa wiki. Sabuni ikipunguzwa hadi katoni 4, oda inashuka hadi shilingi 381,000, inaingia ndani ya kikomo, na mwenye duka anabaki na katoni 10 za kuanzia wiki. Hesabu hiyo huaminika iwapo tu afisa ameuliza pia kuhusu mzigo ulio stoo ya nyuma, kwa kuwa rafu tupu haimaanishi duka tupu.

Meneja hawezi kubadilisha idadi yeye mwenyewe. Mfumo unamruhusu kuidhinisha, kukataa, au kuirudisha oda kwa afisa akiandika sababu, na afisa humpigia simu mwenye duka ili akubali mabadiliko. Oda ya kwanza hubaki kwenye kumbukumbu kando ya ile iliyorekebishwa. Tuliweka utaratibu huo kwa makusudi, kwa sababu mteja aliyeagiza katoni 10 na kupokea 4 bila taarifa ana haki ya kuukataa mzigo mlangoni, na gari likirudi na mzigo, gharama ya mafuta imeshatumika.

Tunawashauri wasambazaji wasipeleke kila oda kwa meneja. Oda ya fedha taslimu, kwa bei ya kawaida na kwa bidhaa zilizopo ghalani, ipite moja kwa moja. Zinazostahili kusubiri ni zile zinazozidi kikomo cha deni, zenye punguzo la bei, au za mteja mwenye deni lililopita siku zake. Meneja anayeletewa oda 80 kwa siku huishia kubonyeza "Idhinisha" bila kusoma.

Mtandao una matatizo yake. Simu huhifadhi oda pale ambapo hakuna mtandao na kuituma baadaye, ndiyo maana meneja huona saa mbili tofauti, ya kuandikwa na ya kupokelewa, na mwachano wa saa kadhaa si ushahidi wa udanganyifu. Kila oda hupewa namba yake ndani ya simu tangu inapoanzishwa, hivyo afisa akibonyeza "Tuma" mara ya pili mtandao ukiyumba, seva huitambua namba ileile na haifungui oda mpya. Mkiona oda mbili za duka moja, zenye bidhaa zilezile lakini namba tofauti, ujue afisa aliiandika upya. Mpigieni kabla ya kuidhinisha ya pili.

Alama ya mahali nayo isomwe kwa uangalifu. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita, kwa hiyo ziara ikionyesha mita 60 kutoka dukani tunaihesabu kuwa sahihi, na onyo hutokea ikizidi mita 150. Mahali hurekodiwa ziara inapofunguliwa na inapofungwa tu. Afisa akishafunga ziara ya mwisho ya siku, mfumo haumfuatilii tena.