Mbunge akishika shilingi, fungu limeshagawanywa

Mhariri,

Kila mwaka magazeti yetu huanza kufuatilia bajeti ya Serikali wabunge wanapokutana Dodoma mwezi Aprili, na hufunga habari hiyo siku ya kura ya ndiyo na hapana mwezi Juni. Nilifanya kazi idara ya mipango ya halmashauri hadi kustaafu, na naomba nafasi nieleze kwa nini ufuatiliaji wa namna hiyo unawanyima wasomaji jambo lenyewe. Mambo mengi wananchi wanayomdai mbunge mwezi Juni huwa yameamuliwa tangu Machi.

Kazi huanza na Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti. Mapendekezo yake hufikishwa bungeni, kwa kawaida Novemba, yakiwa pamoja na mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo. Humo ndimo Serikali inasema mwaka ujao itatanguliza nini na inatarajia kukusanya kiasi gani. Baada ya hapo kila wizara, mkoa na halmashauri hupewa ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho fungu lake halitakiwi kuvuka. Sisi wa halmashauri tuliujua ukomo kwa vitendo. Vijiji vilileta vipaumbele vyao, kata zikavichuja, halafu ukomo ukafika nasi tukaanza kukata. Zahanati tatu zilizoibuliwa na wananchi zilibaki moja, tena ya kumalizia boma. Siku ya baraza la madiwani la bajeti, Januari au Februari, ndipo ilipoamuliwa ni boma la kata ipi.

Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza hilo. Ana kiti na ana kura. Katika miaka yangu ya kazi nimeona kiti hicho kikiwa kitupu siku ya bajeti mara nyingi kuliko kilivyokuwa na mtu. Yule aliyehudhuria, akiwa amesoma kabrasha na kuzungumza na madiwani mapema, aliondoka na mradi. Hakuna kamera iliyomwonesha, lakini mradi ulikuwa kwenye kitabu cha bajeti.

Sasa tuje bungeni. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kuongeza kodi au matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza na pendekezo hilo liwe limewasilishwa na Waziri. Kinachoruhusiwa bila pendekezo hilo ni kupunguza. Kwa hiyo mbunge anayesimama mwezi Mei na kusema "naomba waongezewe bilioni mbili" anaomba kitu ambacho Bunge peke yake haliwezi kumpa. Tena nyuma yake ipo Ibara ya 90, inayompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Kura ya kuitwa majina hupigwa kila aliyemo ukumbini akilijua hilo.

Ndiyo maana wabunge hushika shilingi. Bunge zima linapokaa kama Kamati ya Matumizi na fungu la mshahara wa waziri linapofikiwa, mbunge hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja, wenzake humuunga mkono, waziri husimama na kuahidi, kisha mbunge huirudisha shilingi. Wananchi jimboni hushangilia. Silibezi jambo hili, kwa sababu ahadi inaingia kwenye Hansard na mwenye bidii anaweza kumrudia waziri nayo mwaka unaofuata. Ila barabara aliyoipigania haijaongezewa hata senti kwenye kitabu, na muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila kujadiliwa moja moja.

Kuna mwaka mmoja ambao unaonesha vizuri mahali nguvu ilipo, nao ni 2013. Kabla ya hapo Waziri wa Fedha alisoma hotuba yake Juni, kisha wizara zikafuata moja baada ya nyingine hadi Agosti, mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza tangu Julai 1. Jumla ya nchi ilikuwa imeshatangazwa, hivyo kuiongezea wizara moja kulimaanisha kuvuruga hesabu nzima. Mwaka 2013 ratiba ilibadilishwa: wizara zikaanza Aprili, hotuba kuu ikaja baadaye, na bajeti yote ikatakiwa kupita kabla ya Juni 30. Bunge nalo lilikuwa limepata Kamati ya Bajeti.

Bajeti ya Wizara ya Maji ilipofika ukumbini, wabunge wa chama tawala na wa upinzani waliigomea kwa sauti moja kwamba fedha za maji vijijini ni kidogo mno. Mjadala ukasimamishwa. Kamati ya Bajeti ikakaa na Serikali kutafuta fedha, na wizara iliporudi ilikuwa imeongezewa Sh184.5 bilioni. Hakuna ibara iliyovunjwa, kwa kuwa nyongeza ililetwa na Serikali yenyewe. Kilichowapa wabunge nguvu ni mambo mawili: walikuwa wamoja, na jumla ya mwisho ilikuwa bado haijafungwa. Mbunge aliyechangia kwa ukali wiki moja kabla ya kura ya Juni hakuwa na hata moja kati ya hayo.

Tangu hapo utaratibu umezoeleka. Mwezi Machi Serikali huwaeleza wabunge mapendekezo ya ukomo, kamati za kisekta hupitia mafungu ya wizara, na hoja nzito hupelekwa Kamati ya Bajeti ambayo hushauriana na Serikali. Anayejua kazi yake huwapata wenzake wa mikoa mitano sita wenye shida ileile, wakafika kwenye kamati na hoja moja yenye hesabu, na wakasema pia fedha itoke wapi. Huko ndiko namba hubadilika, wakati magazeti bado yanasubiri hotuba.

Na hata namba iliyobadilika si fedha. Bunge linaidhinisha makadirio, Hazina inatoa fedha kadiri makusanyo yanavyoingia. Mishahara na deni la Serikali havisubiri; mradi wa maendeleo ndio unaosubiri. Taarifa za kamati na za CAG zimerudia mwaka hadi mwaka kwamba miradi iliyopitishwa ilipata pungufu, au ilipata fedha robo ya nne, mkandarasi akaanza kuchimba wakati mwaka unafungwa. Sheria ya Bajeti ya 2015 inaruhusu pia kuhamisha fedha kutoka kasma, yaani kifungu cha matumizi, moja kwenda nyingine kwa masharti. Kwa hiyo kati ya Julai na Juni kuna bajeti ya pili inayotengenezwa kimyakimya, na anayefika ofisi za wizara na Hazina kuuliza lini fedha ya mradi fulani itatoka ana nguvu kuliko aliyepiga meza ukumbini.

Nawaomba basi mpeleke mwandishi kwenye baraza la madiwani siku linapopitisha bajeti, na mchapishe majina ya wabunge waliohudhuria. Mwezi Machi chapisheni ukomo wa kila wizara ukiwa kando ya ule wa mwaka uliotangulia. Kisha kila robo mwaka chukueni miradi michache ya mkoa mmoja mwoneshe kilichoidhinishwa, kilichotolewa, na tarehe kilipotolewa. Taarifa za utekelezaji wa bajeti za robo mwaka zipo, na mweka hazina wa halmashauri anajua siku fedha ilipoingia kwenye akaunti.

Afisa mipango mstaafu,
Singida