Malalamiko: apu yenu inakosea idadi na jumla ya vigawo

Kwa huduma kwa wateja,

Habari zenu. Nawaandikia kuhusu apu yenu ya hesabu, ile sehemu ya vigawo, maana inawapa wanafunzi wangu majibu yasiyo sahihi na wao wanayaamini kwa sababu yametoka kwenye simu, mimi nikiwaonyesha jibu lenyewe naonekana ndo nimekosea. Nilishawatumia meseji mkanijibu niapdeti apu, nimeapdeti, jibu ni lile lile.

Ukiandika 360 inaleta vigawo 36 na jumla yake 1638. Sio kweli kabisa. 360 ina vigawo 24 na ukivijumlisha unapata 1170, mwenye kalamu na subira anaweza kuviorodhesha vyote akahakikisha.

Kinachoniudhi zaidi ni hatua mnazoonyesha. Skrini inasema 360 = 18 × 20, halafu 18 ina vigawo 6 vyenye jumla ya 39, 20 nayo ina vigawo 6 vyenye jumla ya 42, basi mnazidisha 6 × 6 na 39 × 42 mnamaliza. Huwezi kuzidisha hivyo kama namba mbili zina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, na hizi zote mbili zinagawanyika kwa 2! Chukueni namba ndogo muone wenyewe, mfano 12 mkiikata 2 × 6. Vigawo vya 2 ni 1 na 2, vya 6 ni 1, 2, 3 na 6, sasa zidisha kila kimoja cha huku kwa kila kimoja cha kule, unapata 1, 2, 3, 6 halafu 2, 4, 6, 12. Ziko nane lakini 2 imetokea mara mbili na 6 imetokea mara mbili, kwa hiyo vigawo halisi ni 6 na jumla ni 28, wakati njia yenu inatoa 8 na 36. Mnahesabu kitu kimoja mara mbili, basi.

Njia yenyewe wala sio ngumu. Unaigawa 360 kwa 2 mpaka ikatae: 180, 90, 45, hapo 2 zimetoka tatu. Halafu 3: 15, 5, zimetoka mbili. Imebaki 5 moja. Kwa hiyo 360 = 2³ × 3² × 5. Sasa kigawo chochote cha 360 kinajengwa kwa kuamua kinachukua 2 ngapi, inaweza kuwa hakuna hata moja, moja, mbili au zote tatu, hizo ni njia 4, ndo maana kila kipeo kinaongezwa 1 kabla ya kuzidisha (ile hali ya kutochukua hata moja nayo inahesabika, na wanafunzi wengi wanaisahau). 3 ina njia 3, 5 ina njia 2, unapata 4 × 3 × 2 = 24. Jumla nayo inafuata mtindo huo huo, kila namba tasa na mabano yake: (1+2+4+8) × (1+3+9) × (1+5), yaani 15 × 13 × 6 = 1170. Ukiyafungua hayo mabano kila kigawo kinajitokeza mara moja tu, hakirudiwi na hakikosekani.

Najua mtasema mbona namba nyingine zinatoka sawa. Zinatoka sawa pale apu inapobahatika kukata vizuri, maana hata 360 hiyo hiyo mkiikata 8 × 45 mnapata 4 × 6 = 24 na 15 × 78 = 1170, kwa sababu 8 na 45 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Ndo maana kosa hili ni gumu kulikamata, leo iko sawa kesho imeharibika.

Jaribuni 36. Apu inaikata 6 × 6 inasema vigawo 16. Hapo hata bila kuorodhesha unajua kuna shida, kwa sababu vigawo huenda wawili wawili, 2 na 18, 3 na 12, ila 6 inabaki peke yake maana mwenzake ni yeye mwenyewe, kwa hiyo namba ya mraba lazima iwe na idadi witiri ya vigawo. 36 ni 2² × 3², ina vigawo 9 na jumla ni 7 × 13 = 91, nyie mnatoa 144.

Ninachotaka: apu ichambue namba mpaka ibaki namba tasa tupu ndo ianze kuzidisha, ile hatua ya 18 × 20 iondolewe kwenye maelezo, na muwaandikie watumiaji waliopata majibu hayo kwamba hayakuwa sahihi. Mpaka hapo sehemu ya vigawo ifungwe, na ada niliyolipia naomba irudishwe.

Mwalimu na mteja wenu