Mwenzako aliyekuleta Ujerumani akifariki, kibali chako kinakuwaje?

Mara nyingi anayetupigia simu ni shemeji au rafiki wa familia. Mume amefariki, maiti bado iko mochwari, na mke ameshaambiwa na watu kwamba kibali chake kimekwisha siku ileile kwa sababu alikuja kwa jina la mume. Yuko na mtoto, hajui Kijerumani vizuri, na anaanza kufunga mizigo kabla hata ya mazishi.

Tunaomba asifunge mizigo. Kibali cha familia hakizimiki chenyewe siku ya kifo. Kadi iliyo mkononi inaendelea kuwa halali mpaka tarehe iliyoandikwa juu yake, isipokuwa ofisi ya wageni iamue kwa barua kuifupisha. Na sheria ya ukaazi ya Ujerumani ina kifungu kinachomhusu mfiwa moja kwa moja, kifungu cha 31. Kinasema kwamba ndoa ikikatika, kibali cha mwenza huongezwa kwa mwaka mmoja kama haki yake mwenyewe, isiyomtegemea tena mtu mwingine. Wanaoachana wanatakiwa kwanza wawe wameishi pamoja nchini kihalali kwa miaka 3. Mwenza akifariki, sharti la miaka 3 halipo. Hata kama mliishi pamoja Ujerumani miezi michache tu, haki hiyo unayo. Ni ileile kwa mjane na kwa mwanamume aliyefiwa na mkewe.

Haki hii lakini inasimama juu ya hali mbili zinazotazamwa kwa siku ya kifo, na hapo ndipo mafaili mengi hukwama.

Ya kwanza ni kibali cha marehemu. Anatakiwa awe alikuwa na kibali cha ukaazi mpaka siku hiyo, cha muda au cha kudumu. Kadi ya Buluu ya Ulaya nayo inahesabiwa. Ikiwa kadi yake ilikuwa imeisha na hakuomba kuongezewa, ofisi itauliza kwa nini. Sheria inaacha nafasi kwa aliyeshindwa kuomba kwa sababu isiyo kosa lake, kwa mfano aliyekuwa amelazwa hajitambui, na hapo barua ya hospitali yenye tarehe za kulazwa inabeba uzito mkubwa. Kuna pia vibali vichache ambavyo sheria yenyewe, au sharti lililoandikwa ndani yake, linakataza visiongezwe. Kama marehemu alikuwa na kibali cha aina hiyo, kifungu cha 31 hakimsaidii mfiwa. Kwa hiyo usitupe kadi ya marehemu wala ile karatasi ya ziada iliyokuja nayo. Piga picha pande zote mbili kabla ya kuikabidhi popote.

Ya pili ni kwamba mlikuwa mnaishi kama mume na mke, hapo Ujerumani, mpaka kifo. Cheti cha ndoa hakitoshi kuthibitisha hilo. Ofisi inaangalia usajili wa makazi, na kama nyote mlisajiliwa anwani moja, jambo hili huisha haraka. Taabu huja pale mume alipopata kazi mji mwingine, akajisajili huko na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kwenye karatasi wanaonekana kama waliotengana. Kuishi mbali kwa ajili ya kazi hakuvunji ndoa, lakini ni wewe wa kuonyesha kwamba nyumba ilikuwa moja: tiketi za treni za kila Ijumaa, pesa za matumizi zilizotumwa kila mwezi, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, barua ya shule ya mtoto iliyosainiwa na baba. Vikusanye mapema, maana simu ya marehemu ikifungwa na akaunti zake zikizuiwa, ushahidi mwingi unapotea nazo.

Tuchukue mfano. Mume ni fundi wa magari, amefanya kazi Ujerumani miaka 6 kwa kibali cha ajira. Walioana 2021. Mke na mtoto wao wamemfuata Februari 2024, na kadi zao wote zinaisha tarehe 30 Septemba 2025. Mume anafariki ghafla kwa moyo tarehe 11 Machi 2025. Wameishi pamoja nchini miezi 13 tu.

Hospitali inaandikisha kifo kwenye ofisi ya usajili. Kifo kikitokea nyumbani, ni familia inayotakiwa kukiandikisha, kabla ya siku ya kazi ya tatu baada ya kifo kupita, na kwa kawaida kampuni ya mazishi huwafanyia. Mke anaomba nakala kadhaa za cheti cha kifo na angalau moja ya lugha nyingi, kwa sababu benki, bima, ofisi ya pensheni, ubalozi na ofisi ya wageni kila mmoja atataka yake. Aprili anapeleka ombi la kifungu cha 31 kwa maandishi: barua fupi, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na tafsiri yake, uthibitisho wa usajili wa makazi, pasipoti, nakala ya kadi ya mume. Mtoto anaombewa kibali chake papo hapo, katika faili lake mwenyewe.

Hajangoja Septemba, na amefanya vizuri. Ombi likifika kabla kadi haijaisha, kibali cha zamani kinahesabiwa kuwa kinaendelea, pamoja na ruhusa ya kazi, hata uamuzi ukichelewa miezi. Ofisi humpa karatasi ya muda yenye visanduku vya kutia alama. Itazame vizuri kabla ya kutoka mlangoni. Kisanduku cha kifungu cha 81 ibara ya 4 ndicho kinachosema kibali chako kinaendelea, na kwa hicho unaweza kusafiri na kurudi. Kikitiwa alama cha ibara ya 3, kukaa unaruhusiwa, lakini ukitoka nchini karatasi hiyo haikurudishi. Tumewahi kuona alama kwenye kisanduku kisicho sahihi, na kurekebisha ukiwa bado dirishani ni rahisi kuliko kurekebisha ukiwa uwanja wa ndege wa nchi nyingine.

Hilo linatuleta kwenye safari ya mazishi, jambo linalotuumiza zaidi kuliko yote kwa sababu wanaoharibikiwa ni watu waliokuwa na haki kamili. Kumsindikiza marehemu nyumbani hakukatazwi na hakufuti chochote. Kibali hufutika kwa njia mbili. Moja ni kukaa nje zaidi ya miezi 6 bila ofisi kukupa muda mrefu zaidi kwa maandishi. Nyingine haina hata siku moja ya kusubiri: ukitoka kwa sababu isiyo ya muda, yaani umehama, kibali kinakufa unapovuka mpaka. Ofisi inajuaje kuwa umehama? Kwa ulivyoviacha nyuma. Mfiwa anashauriwa na ndugu kuokoa kodi, anarudisha nyumba, anajiondoa kwenye usajili wa makazi, anamtoa mtoto shule, kisha anasafiri akisema ataona mbele ya safari. Karatasi zote hizo zinasema amehama, ingawa moyoni alitaka kurudi. Basi kama hujaamua, usijiondoe kwenye usajili wa makazi, nunua tiketi ya kwenda na kurudi, na uiambie ofisi kwa barua pepe kwamba unakwenda kuzika na lini unarudi. Kama kadi itaisha ukiwa huko, peleka ombi kabla ya kuondoka.

Mfano wetu unaendelea. Mke anapata kadi mpya ya mwaka mmoja iliyoandikwa kifungu cha 31. Kwa mwaka huo wa kwanza, kupokea msaada wa serikali wa kujikimu hakuzuii kuongezewa kibali. Sheria imeandika hivyo waziwazi, na mfiwa asikubali kuambiwa vinginevyo. Baada ya mwaka huo mambo yanabadilika. Kuongezewa tena kunakuwa kwa hiari ya ofisi, na swali kubwa ni kama anajikimu mwenyewe.

Hapa pensheni ya mjane inaingia, na wengi hawaiombi kwa kudhani ni ya Wajerumani. Marehemu alichangia miaka 6, na kinachotakiwa kwa kawaida ni 5. Kifo kikitokana na ajali kazini, hata hiyo 5 haihitajiki. Ndoa imezidi mwaka 1. Kwa kuwa mke analea mtoto aliye chini ya miaka 18, anastahili pensheni kubwa ya mjane, asilimia 55 ya pensheni ya mume. Si ya mshahara wake, kwa hiyo asitegemee kiasi kikubwa. Miezi 3 ya kwanza baada ya kifo hulipwa pensheni nzima ya marehemu. Asiye na mtoto, aliye mdogo kwa umri na mwenye afya hupata ndogo, asilimia 25, kwa miezi 24. Fedha hizi ni kipato halali mbele ya ofisi ya wageni. Pamoja na kazi ya nusu siku, mara nyingi ndizo zinazojaza pengo la kujikimu. Mshahara ukipita kiwango fulani pensheni hupunguzwa, lakini kufanya kazi bado kuna faida, kwa pesa na kwa faili.

Miaka aliyokaa kwa kibali cha familia haipotei pia. Inahesabiwa katika miaka 5 ya kibali cha kudumu, kwa hiyo mke wa mfano wetu anaweza kukifikiria mwanzoni mwa 2029. Pamoja na miaka hiyo atahitaji michango 60 ya pensheni, Kijerumani cha kiwango cha B1 na kujikimu.

Kama marehemu alikuwa Mjerumani, kifungu cha 31 kinatumika vilevile, na kinachoangaliwa ni kwamba alikuwa akiishi Ujerumani. Kama alikuwa raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, sheria ni tofauti: kwa kawaida unabaki na haki ya kukaa ikiwa uliishi nchini kama mwanafamilia wake angalau mwaka 1 kabla ya kifo. Na kama ulikuwa bado nje ukisubiri viza, au umeingia kwa viza lakini kadi haijatoka, nenda kwa wakili wa uhamiaji moja kwa moja. Wa kwanza hana haki hii kabisa, na kwa wa pili wanasheria wenyewe hubishana.

Kazi yetu ni kutafsiri vyeti, kupanga faili, kuandika barua na kukusindikiza kwenye miadi. Pingamizi na kesi tunampelekea wakili, hasa ikija barua ya kufupisha kibali, kwa sababu muda wa kupinga kwa kawaida ni mwezi 1 tu. Ukija, leta kadi zote mbili, pasipoti, cheti cha ndoa, cheti cha kifo hata kama ni nakala moja, na kila barua iliyofika tangu msiba, zikiwemo ambazo hujazifungua.